Dola ililala 2,300, ikaamka 2,330: asubuhi za Mama Butiki

Kwenye barabara inayotoka Goma kuelekea Rutshuru, ukipita Munigi na kufika Kanyaruchinya, kuna butiki ndogo ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano. Watoto wa kambi walimuita mwenyewe Mama Butiki, na wakubwa nao walilizoea jina hilo. Anauza mchele, sukari, mafuta ya kupikia, unga, chumvi, sabuni, maharage, viberiti na betri za tochi. Mwaka 2023 wateja wake wengi walikuwa wahami waliokimbia vita Kibumba, Rugari na Rutshuru. Karibu wote walilipa kwa franka, tena kwa noti ndogo.

Mlangoni ametundika kibao cheusi kinachoandikwa kwa chaki. Zamani bei za kibao hicho ziliweza kukaa mwezi mzima bila kuguswa. Kati ya mwezi wa sita na wa saba wa mwaka 2023, alianza kuzifuta kila asubuhi.

Mwanzoni mwa mwaka huo dola moja ilibadilishwa kwa franka 2,000 na kitu kidogo. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imepita 2,300, na kila siku ilipanda kwa 10, kwa 20, mara nyingine kwa 30. Mshahara wa kibarua haukupanda pamoja nayo. Mtu aliyelimia wenye mashamba kwa franka 3,000 kwa siku, aliendelea kupata 3,000 zile zile. Yeye na Mama Butiki walikutana mbele ya kibao, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mzee mmoja aliyekuwa akinunua mchele kila jioni alimuuliza waziwazi:

“Mama, huu muchele si ndio ule wa jana? Gunia ni lile lile, tunaliona hapo limefunguka. Ulilinunua kwa bei ya zamani. Sasa leo unapandisha sababu gani?”

Watu waliokuwa hapo waliitikia. Neno lake lilikuwa na haki machoni pa kila mtu, na hata Mama Butiki mwenyewe, wiki mbili nyuma, angelikubali. Lakini alikuwa ameshafundishwa na gunia moja.

Gunia hilo lilikuwa la mchele wa kilo 25. Alilinunua kwenye depo ya Birere kwa dola 22. Siku hiyo kambisti alimuuzia dola kwa franka 2,300, kwa hiyo gunia lilimgharimu franka 50,600. Mwenye chukudu alimdai 1,500 kulipandisha hadi Kanyaruchinya. Jumla 52,100.

Gunia la kilo 25 halitoi kilo 25 mbele ya mizani. Kuna punje zinazomwagika, kuna vumbi na vijiwe vinavyopepetwa, kuna mkono unaozidisha kidogo kila mara. Kwake hubaki kilo 24 na nusu. Akaandika kibaoni: kilo moja 2,200. Gunia likiisha angekuwa na franka 53,900, na ukitoa 52,100 faida ni 1,800. Si nyingi, ila angeweza kununua sabuni ya nyumbani na kubakiza kidogo.

Gunia lilichukua siku kumi kuisha. Siku zote kumi bei ilibaki 2,200, na franka zote akazitia katika kopo la maziwa chini ya kitanda. Siku ya kumi na moja alihesabu, zikatimia: 53,900. Akashuka Birere akifurahia faida yake.

Kwa kambisti dola ilikuwa imefika 2,450. Gunia lilikuwa bado dola 22, mwenye depo hakuwa ameongeza hata senti moja. Lakini dola 22 mara 2,450 ni 53,900. Kopo zima lilimalizika hapo hapo, na pesa ya chukudu haikuwepo. Siku kumi za kuamka mapema, kupima na kubishana, na sasa alikuwa na gunia lile lile alilokuwa nalo mwanzoni, tena akiwa na deni la 1,500 kwa mwenye chukudu. Faida aliyoihesabu usiku ilikuwa kwenye makaratasi tu.

Basi yule mzee alipomuuliza, Mama Butiki alichukua chaki akamwandikia pembeni ya kibao.

“Papa, mimi siuzi gunia la jana. La jana tayari linakuliwa. Pesa unayonipatia leo ndiyo itanunua gunia la kesho. Nikikuuzia kwa bei ya jana, kesho nitaleta nusu gunia. Kesho kutwa robo. Kisha utakuta butiki imefungwa, na utatembea mpaka Majengo kutafuta muchele.”

Mzee aliangalia hesabu kwa muda mrefu. Akasema, “Sawa. Lakini mimi mushahara yangu nani atanipandishia?” Hakuna aliyemjibu.

Tangu gunia hilo, kazi ya asubuhi ilipata utaratibu wake. Kabla ya saa kumi na mbili na nusu humpigia simu kambisti mmoja anayekaa na meza yake karibu na soko la Virunga. Kambisti ana bei mbili: ile anayonunulia dola kwako, na ile anayokuuzia. Asubuhi moja zilikuwa 2,430 na 2,450. Wauzaji wengi wadogo huchukua ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayotajwa kwanza barabarani, wakifikiri ndiyo bei ya dola. Lakini mwenye butiki huenda kwa kambisti na franka kutafuta dola. Bei inayomhusu ni ile ya juu. Akikosea hapo, anapoteza franka 20 kwa kila dola kabla hajafungua mlango.

Kisha huchukua kalkileta ya simu. Dola 22 mara 2,450 ni 53,900. Anaongeza 1,500 za chukudu, inakuwa 55,400. Anagawanya kwa kilo 24 na nusu anazouza kweli, si kwa 25 zilizoandikwa kwenye gunia. Inatoka karibu 2,261. Hiyo ndiyo bei ambayo chini yake anakula mtaji. Juu yake anaweka franka 90 kidogo hivi za kuishi, na kuandika 2,350.

Hafanyi hesabu hiyo kwa kila kitu. Rafu zake amezigawa kichwani mara tatu. Vitu vya dola ni vile vinavyotoka mbali na kununuliwa kwa dola kwenye depo: mchele, sukari, mafuta, unga wa ngano, sabuni. Hivyo huvihesabu kila asubuhi. Vitu vya barabara ni maharage, viazi na makala. Hivyo hununuliwa kwa franka, na bei yake huangalia zaidi kama njia imefunguka. Tangu M23 walipoishika Rutshuru mwishoni mwa 2022, gunia la maharage lilikuwa likipita vizuizi vingi kabla ya kufika Goma, na kila kizuizi kilikuwa na malipo yake. Siku ambayo dola imepanda lakini maharage yameingia mengi, bei ya maharage kibaoni haiguswi, na mara nyingine hushuka. Wateja waliliona jambo hilo, na likapunguza neno la “Mama huyu anapandisha kila kitu.”

Kundi la tatu ni vitu vinavyolala: betri, kalamu, mishumaa, maziwa ya kopo. Hivi huuzwa kimoja kimoja, na mtu husahau kuvitazama. Siku alipoitazama rafu ya juu alikuta betri zikiwa bado na bei ya mwezi wa kwanza, wakati dola ilikuwa bado karibu na 2,000. Kila betri aliyouza tangu hapo ilikuwa ikitoka kwa hasara, naye akidhani ndiyo faida tulivu. Kitu kinachotoka haraka hukuumiza waziwazi, unakiona. Kile kinacholala hukuibia polepole.

Kupandisha bei asubuhi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni jioni. Mchele uliouzwa Jumatatu kwa bei sahihi ya Jumatatu ukiacha franka zake kwenye kopo hadi Jumamosi, hasara ni ile ile, imebadilisha siku tu. Kwa hiyo alijiwekea neno moja ambalo watoto wake walilishika haraka: franka haipaswi kulala.

Kila jioni hutenga kwanza franka za mambo ya franka: makala na maharage ya kesho, chukudu, kodi ya soko, chakula cha nyumbani. Kinachobaki kikifika 12,250, kwa kiwango cha siku ile, mwanaye mkubwa humpelekea kambisti na kurudi na noti ya dola tano. Kisipofika, hakiendi kwenye kopo. Hununua katoni ya sabuni au chumvi kwa jirani mwenye depo ndogo Munigi. Sabuni haiozi, haiibiwi kirahisi kama pesa, na kesho itakuwa na bei ya kesho.

Noti ya dola nayo ina mambo yake. Ikiwa na mchaniko mdogo pembeni, au muhuri, au mstari wa kalamu, mwenye depo ataikataa au ataipokea kwa punguzo. Mtoto alirudi siku moja na noti ya tano yenye tundu kama la sindano. Ilichukua siku nne kumpata mtu wa kuipokea. Sasa huikagua akiwa bado mbele ya meza ya kambisti, akiielekeza juani, kwa sababu ukishageuka mgongo noti imekuwa yako.

Wapo waliomuuliza kwa nini asiende tu Birere na franka zake. Mwenye depo anazipokea, ndiyo, lakini kwa kiwango chake mwenyewe. Siku ambayo kambisti aliuza dola kwa 2,450, depo ilihesabu 2,470. Kwa gunia la dola 22 tofauti ni franka 440. Hiyo ni karibu theluthi moja ya pesa ya chukudu.

Hata hivyo kuna mahali ambapo hesabu hii inagonga mwamba. Mteja anayekuja na noti ya 500 hana 500 nyingine. Kumwambia kuwa sukari ya 500 sasa ni 550 ni sawa na kumwambia arudi nyumbani. Kwa watu wa kambi, 500 ndiyo ilikuwa bei. Hiyo haikusogea. Kilichosogea kilikuwa kipimo.

Sukari ilipokuwa 2,500 kwa kilo, 500 ilipata gramu 200. Ilipofika 2,650, ikapata chini kidogo ya 190. Tofauti ni kijiko kimoja kikubwa hivi, lakini mama wa watoto watano huiona. Siku ya kwanza msichana mmoja aliinua kamfuko akakiweka juu ya kiganja.

“Mama Butiki, hii sukari yako imekonda.”

“Imekonda kweli,” akajibu. “Lete tuipime pamoja.”

Akaweka kamfuko juu ya mizani mbele yake, kisha akaandika kibaoni mstari mpya, chini ya bei za kilo: *Sukari ya 500 leo: gramu 188*. Jirani yake wa upande wa pili alikuwa amechagua njia nyingine. Aliacha gobeleti ile ile ya plastiki, ila aliipasha moto na kuisukuma kitako chake ndani. Kwa macho ilikuwa gobeleti ya kawaida, kwa mizani ilikuwa imepungua. Ilimchukua siku chache kugunduliwa, na baada ya hapo watu walikuwa wakipima hata chumvi yake.

Kulikuwa pia na jambo dogo la usiku. Zamani Mama Butiki alifunga vifuko mia moja vya sukari mara moja, akiwa amekaa na taa. Dola ikianza kukimbia, vifuko vilivyofungwa kwa kipimo cha Jumanne vilibaki hadi Ijumaa, na kila kimoja kilikuwa zawadi ndogo ambayo hakukusudia kuitoa. Sasa anafunga vya siku moja tu, asubuhi, baada ya simu ya kambisti.

Kitu kilichomsumbua zaidi kuliko vyote kilikuwa daftari la madeni.

Mama mmoja aliyetoka Kibumba, aliyekuwa akiishi ndani ya hema pamoja na watoto wanne na mama mkwe wake, alikuwa amekopa kilo tano za mchele wakati kilo ilikuwa 2,200. Daftarini iliandikwa: *11,000*. Mume wake alikuwa akibeba mawe kwenye chantie mjini, na walikubaliana kwamba akilipwa wataleta. Hakuwa mdanganyifu. Baada ya siku kumi alikuja na 11,000 kamili, amezifunga kwenye ncha ya kitenge.

Siku hiyo kilo ilikuwa 2,350. Kilo tano zilikuwa 11,750.

Mama Butiki alizihesabu noti, akanyamaza. Yule mama aliona uso wake.

“Kuna nini, Mama? Si kumi na moja?”

“Ni kumi na moja. Lakini, dada, ulibeba kilo tano. Hizi haziwezi kunirudishia kilo tano.”

“Mimi nilikopa elfu kumi na moja. Njo uliandika mwenyewe. Mume wangu amebeba mawe siku kumi kwa hii pesa. Hiyo mia saba hamsini nitaitoa wapi?”

Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Deni lilipoandikwa kwa franka, mwenye kukopesha ndiye aliyebeba hasara ya dola. Likiandikwa kwa dola, mwenye kukopa ndiye angebeba, na yeye hana njia yoyote ya kuipata dola. Mia saba hamsini si pesa ya kumfilisi mtu. Lakini katika daftari kulikuwa na majina ishirini na tatu, na kila jina lilikuwa na mia saba hamsini yake.

Mama Butiki alipokea zile 11,000 na kulifuta jina. Neno lilikuwa limetolewa kwa franka, na alisema mbele ya watu waliokuwa dukani kwamba madeni yote yaliyoandikwa zamani yatalipwa vile vile yalivyoandikwa. Kisha akafungua ukurasa mpya na kuuchora mistari mitatu: jina, kitu, siku. Hakuacha nafasi ya franka.

“Kuanzia leo,” akamwambia yule mama, “ukikopa kilo mbili, nitaandika kilo mbili. Siku ya kulipa, utalipa bei ya kilo mbili ya siku ile. Na hatupiti siku tano.”

Yule mama alifikiri. “Na dola ikishuka?”

“Ikishuka utalipa kidogo.”

“Utakubali kweli?”

“Imeandikwa kilo. Haikuandikwa pesa.”

Akakopa kilo mbili. Zamani angechukua tano, lakini sasa alijua kwamba kila siku ya kuchelewa ina uzito wake, na kilo mbili angeweza kuzilipa kwa vibarua vya siku mbili. Wengine hawakulipenda daftari jipya. Watu sita waliondoka na kwenda kukopa kwa jirani anayeandika franka. Kabla mwezi haujaisha jirani huyo alikuwa amefunga mlango wa mikopo kabisa, na wanne kati ya hao sita walirudi.

Neno la dola kushuka lilijaribiwa upesi kuliko walivyofikiri. Asubuhi moja kambisti alisema kwamba dola imerudi nyuma kwa franka 40 kwa usiku mmoja. Mara nyingine Benki Kuu huuza dola kwa mabenki, na barabarani bei hutikisika siku mbili tatu. Mama Butiki alikuwa na hofu yake: akishusha leo na dola ikapanda kesho, atakuwa ameuza kwa hasara, asiposhusha, kibao chake kitakuwa kinajua kupanda tu. Akahesabu kama siku nyingine zote, na alipoikaribisha kwenye hamsini, kilo ikawa 50 chini ya jana. Akaiandika.

Yule mama wa Kibumba alikuja kulipa siku hiyo hiyo. Alikuwa ameshika pesa ya bei ya jana. Alirudishiwa franka 100, na kwa kuwa noti za 50 zilizokuwemo zilikuwa zimechakaa hata hazikusomeka, akachukua chumvi ya 100. Habari ya chumvi ile ilizunguka kambini kuliko habari ya bei zote zilizopanda.

Redioni watu walisikia maelezo ya wakubwa kuhusu kwa nini franka inaanguka. Serikali ilikuwa ikitumia pesa nyingi kwa vita vya mashariki na kwa matayarisho ya uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili, na franka zilizoingia mikononi mwa watu zilitafuta dola ambazo hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Nchi inayonunua nje mchele, sukari, mafuta na sabuni zake, inahitaji dola kila siku. Mwezi wa nane Benki Kuu ya Congo ilipandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25, ili franka iwe ghali kukopwa na mabenki yasizitupie kwenye dola. Kwenye kibao cha Kanyaruchinya hilo halikufuta kitu. Mwenye butiki hakopi benki, na mteja wake hana akaunti. Mbio zilipungua, lakini dola haikurudi ilikotoka. Mwaka ulipoisha ilikuwa inakaribia 2,700.

Mara moja walipita watu wawili waliosema wanatoka ofisi ya uchumi, wakiuliza kwa nini bei zinabadilika kila siku. Mama Butiki hakubishana. Aliwaonyesha risiti ya depo yenye dola 22, akawapigia kambisti wakasikia wenyewe kiwango cha siku, kisha akafanya hesabu mbele yao mpaka 2,261. Walitazama kibao, wakaona bei zimeandikwa kwa franka na kwa wazi, wakaondoka. Tangu hapo kila risiti ya depo huitia katika mfuko wa plastiki uliotundikwa nyuma ya mlango. Inamsaidia pia kwa wateja. Mtu akimuita mwizi, humpa mfuko asome.

Siku ya mwisho ya mwezi wa saba hakuhesabu franka zake. Aliona kwamba hesabu ya franka ingempa furaha ya uongo, kwa kuwa kopo lilikuwa na noti nyingi kuliko mwezi uliopita. Alifunga mlango, akawasha tochi na kuhesabu vitu. Mwanzo wa mwezi alikuwa na magunia matatu ya mchele, mawili ya sukari, bidoni nne za mafuta na katoni kumi za sabuni. Sasa alikuwa na magunia matatu ya mchele, moja na nusu ya sukari, bidoni nne na katoni kumi na moja, pamoja na noti tatu za dola tano ndani ya kitabu cha mtoto.

Alivigeuza vyote kuwa dola, kimoja kimoja, kwa bei ya depo. Nusu gunia la sukari lililokosekana lilikuwa dola 25. Noti tatu zilifidia 15, na katoni ya sabuni iliyozidi ilifidia sehemu ya zilizobaki. Mwezi mzima ulikuwa umemla dola chache, chini ya kumi, na karibu zote zilikuwa ndani ya yale majina ishirini na tatu ya daftari la zamani. Nyumba ilikuwa imekula, ada ya mtoto mmoja ilikuwa imelipwa.

Akafungua ukurasa mpya wa daftari na kuusoma. Majina kumi na saba. Kilo moja, kilo mbili, nusu lita, sabuni moja. Hakuna lililopita siku tano, isipokuwa moja la yule mzee wa mchele, ambaye alikuwa amelazwa kwa homa. Mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa kilo moja, siku ya nane. Hakuigusa. Alichukua kalamu, akaandika chini ya mstari huo idadi ya magunia aliyohesabu, ili mwezi ujao awe na kitu cha kulinganisha.